Kura ya Bunge peke yake haimng'oi rais
"Bunge likishapiga kura ya kumshtaki rais, si ndiyo basi ameondoka?"

Si lazima, ndugu. Tazama Korea Kusini. Huko theluthi mbili ya wabunge humsimamisha rais kazi tu. Anayemwondoa ni Mahakama ya Katiba, majaji wasiopungua 6 wakikubali. Mwaka 2004 Bunge lilimshtaki Rais Roh Moo-hyun kwa kukipigia debe chama kabla ya uchaguzi. Mahakama ilikubali kwamba sheria aliivunja, ila kosa halikuwa zito kiasi cha kufuta chaguo la wananchi. Akarudi ofisini. Kwangu mimi, kipimo hicho cha uzito ndicho kiini cha jambo lote. Rais mwingine, Park Geun-hye, alimwachia rafiki yake ajinufaishe kwa mamlaka ya urais. Machi 2017 majaji wote 8 wakamwondoa.