Komobiditi maana yake nini?

"Wakuu, daktari kasema mama ana komobiditi, kwenye faili kaandika presha na pumu. Huo ni ugonjwa gani tena?"

Pole mkuu, huo sio ugonjwa wa tatu. Ni neno lao tu la kusema mtu ana magonjwa mawili au zaidi kwa wakati mmoja, na sio lazima moja limezaa lingine, kama lingezaliwa na lingine (mfano sukari ikaharibu figo) hapo wengi wanaita madhara ya ugonjwa.

Sasa kwa nini daktari analitaja, ni kwa sababu ya dawa. Chukua hiyohiyo ya mama, kuna dawa ya presha inaitwa propranololi, kwa mwenye presha peke yake haina shida sana ila mwenye pumu inaweza kumbana njia za hewa, na mbaya zaidi inazuia ile dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, isifanye kazi vizuri, yaani anavuta na kifua hakiachii. Kwa hiyo atatafutiwa dawa ya kundi lingine, mfano amlodipini. Akienda hospitali nyingine ataje yote mawili, hata kama kapelekwa kwa presha tu.