Maswali na Majibu: Uzito Unavyosogezwa Ndani ya Mtandao wa Nyuroni

Mtandao unajuaje uzito upi ubadilishwe?

Chukua nyuroni moja yenye milango miwili. Wa kwanza unaingiza 3, wa pili 1. Uzito wa milango hiyo, yaani namba ambayo kila kinachoingia huzidishwa nayo, ni 2 na 1, kwa hiyo nyuroni inazidisha, inajumlisha na kutoa 7. Jibu sahihi ni 10, imepungukiwa 3. Sasa ongeza uzito wa kwanza kwa 0.1 tu: jibu linapanda 0.3. Fanya hivyo kwa wa pili: linapanda 0.1. Uzito wa kwanza una nguvu mara tatu juu ya kosa hili, basi nao husogezwa mara tatu zaidi. Tuseme wa kwanza unaongezwa 0.45 na wa pili 0.15. Jibu linakuwa 8.5, na kosa limebaki nusu.

Matabaka ya nyuroni yakiwa mengi, kosa hurudishwa nyuma kuanzia tabaka la mwisho, kila uzito ukipewa sehemu yake ya lawama. Njia hii ilijulikana sana kwa makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Hapo ndipo kujifunza kwenyewe kulipo, na anayewaambia kwamba mtandao "unafikiri kama ubongo" anawapotosha.

Kwa nini usiruke hadi 10 mara moja?

Kwa sababu uzito huohuo unatumiwa na mifano mingine yote ya mafunzo. Ukiuridhisha mmoja kabisa, unaiharibu mingine.

Nimeongeza kasi ya kujifunza nimalize mapema, sasa kosa linapanda. Data yangu ni mbovu?

Swali hili limeshaletwa mara nyingi mno, na karibu kila mara muulizaji hajagusa kitu kingine. Acheni kuilaumu data kabla ya kujaribu kasi ndogo. Rudi kwenye nyuroni yetu, zidisha kasi, yaani ukubwa wa kila hatua, mara sita: nyongeza zinakuwa 2.7 na 0.9, jibu linafika 16. Ulipungukiwa 3, sasa umepitiliza kwa 6. Hatua inayofuata inakurudisha hadi -2, yaani umepungukiwa 12. Kosa linaongezeka maradufu kila hatua, mpaka skrini inaandika `nan`, yaani si namba tena. Punguza kasi mara kumi, uanze upya kwa uzito mpya, kwa sababu ule wa zamani umeshaharibika.

Naweza kuanza na uzito wote sifuri?

Hapana. Nyuroni za tabaka moja zitasukumwa sawasawa na kubaki mapacha milele; anza na namba ndogo za kubahatisha.

Mtandao wangu umepata asilimia 99, lakini kwenye kazi halisi unakosea. Kwa nini?

Asilimia 99 ya data ipi? Kama ni ileile uliyoufundishia, huenda uzito umejipinda kufuata mifano hiyo mmojammoja, makosa yake yakiwemo. Tenga sehemu ya data kabla ya kuanza, usiifundishie kamwe, kisha pima makosa yote mawili kila raundi. Kosa la mafunzo likiendelea kushuka huku la data iliyotengwa likianza kupanda, rudi kwenye uzito uliohifadhi kabla halijageuka.