Pembe ya kupitisha nguvu ipimwe wapi?

"Mtambo wangu wa fito nne: fremu 100, kranki 40, fito ya kati 120, mkono wa kuyumba 80, zote milimita. Kranki ikiwa wima napata 61°, mbona inakaza?"

Ndugu, pima kranki ikiwa imelala juu ya mstari wa fremu, kwa kuwa pembe ndogo kabisa hutokea hapo. Kranki ikielekea egemeo la pili, lile la mkono wa kuyumba, ncha yake hubaki milimita 60 kutoka egemeo hilo. Chora toka ncha hiyo tao la 120 na toka egemeo tao la 80, na katika makutano, kati ya fito ya kati na mkono, utapata takriban 26° tu, ilhali wabunifu wengi hawapendi kushuka chini ya 40°. Matao hukutana mahali pawili, basi baki upande uleule uliounganisha mtambo.

Grisi aliyoshauri mwenzetu mmoja itapunguza msuguano, lakini pembe haitabadilika. Fito ya kati ya 90 itakupa karibu 41°, na kranki ikielekea mbali na egemeo hilo 111°, ambayo huhesabiwa kama 69°, yaani 180° toa 111°. Mwendo wa mkono utabadilika pia, na kama kazi yako inauvumilia, sijui, kwani hukutaja.