Voisi ndefu, na watu wamekuzunguka

Swali la wiki: "Ukitumiwa voisi ndefu ukiwa penye kelele au penye ukimya, unaisikilizaje?"

Penye ukimya naisikiliza sikioni, kama mtu aliyepokea simu. Kwenye WhatsApp unaigusa voisi ianze, unaipeleka simu sikioni, kioo kinazima na sauti inahamia spika ndogo ya juu. Kinachoihamisha ni kihisi kilicho karibu na spika hiyo, kinachotambua kwamba kuna kitu mbele yake. Shida iko mwanzoni: kabla simu haijafika sikioni, maneno ya kwanza yameshatoka kwa spika kubwa, na wengine huanza na siri yenyewe. Kwa hiyo shusha sauti mpaka chini kabisa, ianzishe, weka sikioni, ndipo uongeze kwa vitufe vya pembeni. Kioo kikizima chenyewe simu ikiwa mezani, kagua protekta au kava, huenda imeziba kihisi. Na kagua bluutuu. Ikiwa simu imeunganishwa na spika ya sebuleni, siri yako inaweza kusikika huko.

Penye kelele, naomba watu waache kasi ya 2x. Ni kweli voisi ya dakika 3 huisha kwa dakika 2 ukiweka 1.5x, na kwa dakika moja na nusu ukiweka 2x. Lakini muda huo unaookolewa unatoka kwenye silabi, kila moja inafupishwa, na Kiswahili hubeba mambo mazito kwenye silabi moja tu. Chukua hii: "Fundi usimlipe mpaka nije, amebakiza sabini." Ile "si" ni pumzi nyembamba, kelele huimeza upesi, nawe unabaki na "umlipe". Hiyo sabini nayo inakaribia kuwa tisini. Mimi huipitisha yote kwa 1.5x nijue inahusu nini, kisha naivuta nyuma hadi penye kiasi, jina au agizo, narudisha 1x na kuziba sikio la pili kwa kidole.

Kuhusu kugeuza voisi kuwa maandishi, WhatsApp walitangaza huduma hiyo Novemba 2024. Unaiwasha kwenye Settings, Chats, Voice message transcripts, unachagua lugha, halafu unaibonyeza voisi kwa muda na kuchagua Transcribe. Kazi hufanyika ndani ya simu yako na mtumaji haoni maandishi hayo, jambo ninalolipenda sana. Ila ilianza na lugha chache na Kiswahili hakikuwamo. Lugha ya voisi isipolingana na uliyochagua, unaweza kuonyeshwa Transcript unavailable. Hata lugha ikikubaliwa, voisi iliyorekodiwa kwenye upepo hutoa maneno yenye mapengo, na namba hukosewa. Nayasoma kujua tu kama jambo ni la haraka. Likiwa la haraka na siwezi kusikiliza, namwandikia mtumaji: "Nipo kikaoni, niandikie kiasi na jina tu."