Pul ya mipira 8: kuvunja kihalali na faulo zinazompa mpinzani mpira mkononi

Ugomvi mwingi kwenye meza ya pul hutokana na mambo mawili: kama shoti ya kwanza, yaani kuvunja, ilipigwa sawasawa, na kama faulo inampa mwenzako mpira mkononi, yaani haki ya kuushika mpira mweupe na kuuweka mwenyewe kabla ya kupiga. Hapa nafuata kanuni za kimataifa. Baadhi ya meza za mitaani hulipa faulo kwa shoti mbili, kwa hiyo kubalianeni kabla sarafu haijaingia.

Tuanze na upangaji. Namba 1 hadi 7 ni mizima, 9 hadi 15 ni mistari. Mweusi, namba 8, hukaa katikati ya pembetatu, na kwenye kona mbili za nyuma kaa na mzima mmoja na mstari mmoja. Kabla ya kuondoa pembetatu, inama utazame mpira wa mbele: uwe umegusana na yote miwili iliyo nyuma yake. Ukiona mwanga ukipenya katikati, sukuma upya. Pengo dogo tu pale hunyonya nguvu ya shoti, na mipira huishia kutawanyika upande mmoja.

Anayevunja huweka mpira mweupe popote nyuma ya mstari wa kuvunjia. Uvunjaji unahesabika halali ukiingiza mpira, au usipoingiza, mipira isiyopungua minne (mweupe hauhesabiwi) ikigusa kingo za meza. Ikipungua, mpinzani huchagua: acheze meza ilivyo, apange upya avunje yeye, au akurudishie wewe uvunje tena. Anayekosa minne kwa kawaida amegonga mpira wa mbele pembeni. Mimi ningepunguza nguvu kidogo ili niupate katikati kabisa.

Ukitumbukiza mweupe wakati wa kuvunja, mpinzani anapata mpira mkononi, ila nyuma ya mstari tu. Hapo wengi hujikwaa: kutoka nyuma ya mstari hauruhusiwi kuugonga moja kwa moja mpira ulio upande huohuo wa nyuma. Ni lazima mweupe uvuke kwanza. Mweusi ukiingia kwenye uvunjaji usio na faulo, hujashinda wala hujashindwa: unarudishwa mezani ucheze, au unavunja upya. Meza za sarafu haziurudishi mpira, kwa hiyo hilo nalo lisemwe mapema.

Mipira iliyoingia wakati wa kuvunja haikupi kundi. Meza bado iko wazi mpaka mmoja wenu aingize kihalali mpira aliotaja pamoja na shimo lake.

Baada ya hapo faulo humpa mpinzani mpira mkononi popote mezani. Kutumbukiza mweupe, kuanza na mpira wa mwenzako, kurusha mpira nje ya meza, kugusa mpira kwa mkono au nguo, kucheza miguu yote ikiwa hewani: hizo hazina utata. Inayowaponza watu ni ya ukingo. Mweupe ukishaugusa mpira wako, lazima mpira wowote uingie shimoni, au mpira wowote, hata mweupe wenyewe, uguse ukingo. Ukingo uliogongwa kabla ya mguso hauhesabiwi.

Tuseme una mistari, na 11 imeegemea ukingo mrefu. Mpinzani ametamka hivyo kabla hujapiga, na ni vizuri atamke. Unaigusa taratibu ili kujilinda, 11 inateleza kando ya ukingo uleule, mweupe unasimama hapohapo. Ni faulo, kwa sababu 11 ilikuwa tayari imegusa ukingo huo na hakuna mpira uliofika kwingine. Ungeongeza nguvu kidogo na kuilenga kwa pembe, mweupe ungegusa ukingo baada ya 11, na shoti ingekuwa safi.

Nyingine ni kugonga mweupe mara mbili. Mipira ikiwa karibu sana bila kugusana, na ukapiga moja kwa moja mbele, ncha ya fimbo huufikia mweupe tena. Dalili yake huonekana wazi: mweupe unakimbia sambamba na ule mwingine kwa kasi ileile, badala ya kusimama au kubaki nyuma. Inua kitako cha fimbo au lenga kwa pembe. Ikiwa imegusana kabisa, unaruhusiwa kupiga kuelekea huo mpira, kwa shoti ya kawaida.

Ukipata mpira mkononi, uweke kwa uangalifu. Ukigusa mpira mwingine wakati wa kuuweka, faulo imerudi kwako.

Kwenye mweusi, kutumbukiza mweupe bila mweusi kuingia ni faulo ya kawaida, mpira mkononi. Yote miwili ikiingia, umeshindwa; vivyo hivyo mweusi ukiingia kabla hujamaliza kundi lako, ukiingia shimo ambalo hukulitaja, au ukiruka nje ya meza.