Maswali na majibu: Pete, sanamu iliyovunjika na nadharia za wachezaji

Kwa nini watu wanajichosha kutunga nadharia kuhusu gemu? Kama mtunzi alitaka tuijue stori, si angeisema tu?

Inategemea stori imewekwa wapi. Nichukue Dark Souls ya mwaka 2011, maana maswali yenu mengi yananirudisha hapo. Mwanzoni unaonyeshwa filamu fupi kuhusu moto wa kwanza, miungu na vita yao dhidi ya majoka. Baada ya hapo gemu inakunyamazia. Wahusika wachache unaokutana nao huongea kwa mafumbo, na historia yote iliyobaki imegawanywa vipandevipande katika maelezo mafupi ya silaha, pete na mavazi. Ukiokota pete leo unapata sentensi tatu. Sentensi inayoikamilisha ile ya tatu imekaa kwenye upanga utakaoupata siku nyingine kabisa, mahali pengine kabisa.

Mwelekezaji wake, Hidetaka Miyazaki, amewahi kueleza kwamba utotoni alisoma vitabu vilivyomzidi uwezo, na sehemu asizozielewa alizijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Gemu zake zinakupa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye kutunga nadharia hajaacha kucheza. Amekubali sehemu ya mchezo ambayo haikulazimishi, kwa sababu unaweza kumuua bosi wa mwisho bila kujua hata jina la baba yake.

Naomba mfano mmoja kamili wa nadharia, tangu ilipoanza hadi ilipokwisha.

Nitakupa ile ya mtoto wa Gwyn, kwa kuwa ilidumu miaka mitano na mwisho wake unajulikana.

Gwyn ndiye mkuu wa miungu katika Dark Souls. Kuna pete yenye nguvu za miujiza ambayo maelezo yake yanasema ilikuwa ya mzaliwa wake wa kwanza. Huyo alikuwa mungu wa vita, lakini kwa upumbavu wake akavuliwa uungu na kufutwa katika kumbukumbu, hata leo jina lake halijulikani. Basi. Hakuna anayekueleza upumbavu wenyewe ulikuwa upi wala jamaa aliishia wapi.

Sasa njoo kwenye mazingira. Upande wa pili wa daraja linalolindwa na joka jekundu kuna madhabahu ya jua, na juu yake sanamu iliyovunjwa. Hatua chache kutoka daraja hilo, kwenye roshani, anasimama mpiganaji mmoja mchangamfu anayeitwa Solaire, akilikodolea macho jua. Amejichora jua kifuani, anarusha radi kama Gwyn, na anasema anatafuta jua lake mwenyewe. Wachezaji wakaviunganisha: sanamu ya mtu aliyefutwa, mtu anayetafuta jua lake, na jua kila mahali. Wakahitimisha kwamba Solaire ndiye mtoto aliyepotea.

Ilikuwa nadharia tamu, na hapo ndipo penye hatari. Watu walimpenda Solaire, wakataka awe mkubwa kuliko alivyoonekana. Lakini ukivua mapenzi hayo na kusoma vitu vyake mwenyewe, gemu inakataa karibu waziwazi. Alama ya jua kwenye vazi lake haina nguvu yoyote, ameichora yeye. Upanga wake ni upanga wa kawaida uliotunzwa vizuri, na maelezo yanautania kwamba haulingani na jina lake la kifahari. Nguvu zake zinatajwa kuwa ni matunda ya mazoezi. Mtunzi aliona mapema tungefikiria nini, akaweka vizuizi njiani. Wengi wetu tuliviruka.

Mwaka 2016 ikatoka Dark Souls III. Humo kuna kilele cha majoka ambacho unaweza kumaliza gemu bila kukifikia. Ili uende, inabidi ukute maiti iliyoketi mkao fulani wa kutafakari pembeni ya gereza, nawe ukae vilevile kando yake. Huko juu anatokea bosi anayeitwa Nameless King, yaani Mfalme Asiye na Jina, amepanda kiumbe wa jamii ya joka na anapigana kwa radi. Ukimshinda unapata roho yake, na maelezo ya roho hiyo yanasema alikuwa mungu wa vita, muuaji wa majoka, kabla hajatoa kila alichokuwa nacho ili aungane na majoka ya kale.

Ona jinsi vipande vinavyoingiana. Mungu wa vita, asiye na jina, mwenye radi ya Gwyn. Na ule upumbavu wa kwenye pete sasa una maana: alihamia upande wa maadui wa baba yake, ndiyo maana sanamu zake zikavunjwa. Hakuna mhusika anayesimama na kutamka kwamba huyu ndiye mwana wa Gwyn. Bado unaunganisha mwenyewe. Tofauti na habari ya Solaire ni kwamba hapa huhitaji kupuuza sentensi hata moja ili hoja isimame. Ukiniuliza nadharia nzuri naitambuaje, nitakuuliza tu umelazimika kuruka nini.

Kwa hiyo maelezo ya kifaa ni ukweli mtupu? Nani anayaandika?

La, si ukweli mtupu. Rudi kwenye neno «upumbavu». Kuna tukio, ambalo ni mtoto kufutwa katika kumbukumbu, na kuna hukumu juu ya tukio hilo. Hukumu ni ya waliobaki na madaraka. Majoka, kama yangeandika pete hiyo, yangetumia neno jingine. Maelezo mengi pia yanajikinga kwa «inasemekana» au «hadithi zinasimulia», na mtu mwenye haraka huruka maneno hayo kisha akaja kubishana kwa uhakika ambao hata gemu yenyewe haina.

Mimi hutenganisha mambo mawili ninaposoma. Matumizi ya kifaa nayaamini, kwa sababu nayajaribu mkononi. Pete ikisema inaongeza nguvu za miujiza, naivaa na naona. Historia iliyoandikwa chini yake naichukua kama ushuhuda wa mtu ambaye hakujitambulisha.

Wanasema mazingira yanasimulia. Mimi naona kuta na maiti tu. Nitazame nini hasa?

Mwaka 2000 Don Carson, mbunifu aliyewahi kufanya kazi kwenye bustani za burudani za Disney, aliandika makala inayowaeleza watengenezaji wa gemu jinsi mahali penyewe panavyoweza kubeba stori: alama za tukio lililopita zinaachwa, na mgeni anakisia kilichotokea. Hilo ndilo la kutazama. Usiulize «hiki ni nini» tu, uliza kimefikaje hapo, na nani alikuwa na sababu ya kukiweka.

Jaribu kwenye kaburi la Artorias katika Dark Souls ya kwanza. Unaingia uwanjani msituni na kukuta jiwe kubwa la kaburi, panga zimechomekwa ardhini kuzunguka, na mbwamwitu mkubwa ajabu, Sif, anayekujia na upanga mdomoni. Artorias alikuwa shujaa aliyeingia Abyss, lile shimo la giza, na pete inayokuwezesha kutembea humo iko chini ya ulinzi wa Sif. Zile panga zinanifanya nifikiri kwamba wengine walikuja kabla yangu na hawakuondoka. Mbwamwitu anamlinda marehemu, ndiyo. Lakini huenda pia anawazuia walio hai wasimfuate. Halafu mpunguzie afya: anaanza kuchechemea, na shambulio lake linamwangusha chini. Hakuna maandishi yanayokuambia umhurumie, ila wengi huhisi hivyo hapohapo.

Nyongeza ya mwaka 2012 inakupeleka enzi za Artorias na kuonyesha kwamba giza lilimshinda. Sif wakati huo ni mdogo, na ngao ya Artorias ndiyo iliyoachwa imlinde. Ukimwokoa huko kabla ya kufika kaburini, filamu fupi ya kabla ya pambano inabadilika: Sif anakunusa, anakutambua, kisha anapigana nawe hata hivyo. Kwangu hilo linaipa uzito ile dhana ya kwamba anazuia watu wasiende. Angekuwa analinda kaburi tu dhidi ya wageni, rafiki angepita.

Nilipoteza muda mwingi kutafuta siri ya kile kidani cha mwanzo. Kipo kwa ajili gani?

Pole, hukuwa peke yako. Unapoanza Dark Souls unachagua zawadi moja, na mojawapo ni kidani ambacho maelezo yake yanasema hakina kazi, ila kumbukumbu njema humfariji msafiri. Miyazaki alipoulizwa angechagua zawadi gani, akakitaja hicho. Kuanzia hapo watu walikipeleka kila mahali: kwa kila mhusika, kwenye kila madhabahu, mbele ya kila mlango usiofunguka. Baadaye akakiri kwamba alikuwa na nia ya kufanya utani kidogo.

Kinachonivutia ni kwamba maelezo yalisema kweli tangu siku ya kwanza, na hatukuyaamini. Gemu ilikuwa imetuzoesha kuona kila kitu kina tabaka la chini. Anor Londo, jiji la miungu linalong'aa kwa jua, lina binti mfalme anayekukabidhi kifaa muhimu, na ukimpiga mshale anatoweka na jiji zima linaingia giza, maana binti na jua lile yalikuwa mazingaombwe ya ndugu yake Gwyndolin. Mtu aliyeona jua zima linazimwa kwa mshale mmoja atakubalije kwamba kidani ni kidani? Kwa hiyo sioni aibu kwa waliokitafuta. Ila jibu la mtengenezaji nje ya gemu lilikuwa ushahidi dhaifu kuliko sentensi iliyokuwa ndani yake.

Je, vitu vilivyokatwa lakini vikakutwa kwenye mafaili ya gemu vinahesabika kama ushahidi?

Vinahesabika kuhusu utengenezaji, si kuhusu ulimwengu wa gemu. Oscar wa Astora, yule anayekupa chupa ya Estus ya kujiponya mwanzoni na kufa, ana mazungumzo kwenye mafaili ambayo hayakutumika, yanayoonyesha kwamba alipangiwa safari ndefu kama mpinzani wako. Hilo linakueleza kilichofikiriwa wakati gemu inatengenezwa. Katika gemu iliyotoka, Oscar anafia kwenye gereza la wasiokufa, pale gemu inapoanzia. Ukirudi huko baadaye, kwa kuwa naye ni mmoja wa waliolaaniwa wasife kabisa, unamkuta amepoteza akili na anakushambulia. Nadharia yoyote juu yake inapaswa kuanzia kwa huyo.