Kotesheni yako haijibiwi? Anza na barua pepe iliyoibeba

"Tafadhali pokea kotesheni yetu kama ulivyoomba. Asante." Ukiandika hivyo tu, umemwachia mteja kazi yote. Aliyekuomba bei mara nyingi siye anayeidhinisha malipo. Yeye ataisukuma barua yako kwa bosi, na bosi ataisoma kwenye simu akiwa na haraka. Asipoona kiasi hapo hapo, anasema ataifungua baadaye, na hapo imeshasahaulika.

Kwa hiyo andika barua ambayo bosi ataielewa hata kabla ya kugusa kiambatisho. Chukua mfano wa viti 40 vya ofisi. Kwenye sehemu ya mada weka: "Kotesheni QT-118: viti 40 vya ofisi, mwisho 30 Juni". Kisha:

"Habari za asubuhi. Nimeambatisha kotesheni ya viti 40 mlivyoomba Jumanne. Jumla ni dola 3,120, kodi na usafiri vikiwemo. Gharama ya kuviunganisha haimo. Mzigo utafika ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea oda yenu. Bei itadumu hadi 30 Juni. Naomba kuuliza: ghala lenu linapokea mizigo siku zipi?"

Usione aibu kutaja kisichokuwemo. Mteja akikigundua siku ya ankara, mtagombana.

Swali la mwisho ndilo linaloleta jibu, na wengi walio wageni katika kazi hii hulikosea. Wanauliza, "Je, mmeikubali bei yetu?" Aliyepokea barua hana mamlaka ya kujibu hilo, basi ananyamaza. Siku za kupokea mizigo anazijua mwenyewe, atakujibu kwa mstari mmoja, na mazungumzo yameanza. Uliza jambo moja tu. Ukiuliza matatu, atajibu lililo rahisi na mengine yatapotea.

Faili liwe PDF, lenye jina kama QT-118_Viti40.pdf. Jina kama scan0003.pdf halitapatikana tena mteja akilitafuta wiki ijayo, na jedwali la Excel huvurugika kwenye simu, tena tarakimu zake zinabadilika kwa urahisi. Ambatisha faili kwanza, anwani ya mteja ijazwe mwisho kabisa, ili barua isiondoke tupu kwa bahati mbaya. Kabla ya kutuma, fungua kiambatisho kutoka ndani ya rasimu yenyewe, ulinganishe jumla na ile uliyoiandika kwenye barua. Kosa hili hutokea sana pale punguzo linapoongezwa dakika za mwisho: barua inasema 3,120, faili bado linasema 3,280, na mteja anasitisha kila kitu hadi ajue ipi ni ya kweli.

Zikipita siku mbili za kazi bila jibu, jibu juu ya barua ile ile ili historia ibaki pamoja. Ila ambatisha faili upya, maana ukibonyeza kujibu, kiambatisho cha mwanzo hakifuatani na barua.